Paja limepigwa goti: ulikande siku hiyohiyo au ulifunge limekunjwa?

Nna mapaja mawili ya kulinganisha hapa, yote ya timu yetu ya mtaani huku Wete, moja la mtoto wa ami yangu anaecheza winga na jengine la beki wetu wa kati. Wote wawili walipigwa goti mbele ya paja, katikati hivi baina ya nyonga na goti, msimu mmoja, miezi miwili mbali. Mmoja alikaa nje karibu miezi minne na mpaka leo ana donge ukimpapasa. Mwengine alirudi mpirani siku ya 12. Mimi sio daktari yakhe, mimi nabeba begi la dawa na ndoo ya barafu tu, lakini baada ya lile la winga nilikaa na jamaa yangu wa fizio akanieleza mpaka nkaelewa, na mengi nliyoandika hapa ndo aliyonifundisha.

Kwanza tujue goti likiingia pajani linafanya nini. Msuli wa mbele ya paja ni mnene, una mafungu manne, na lile la ndani kabisa limelala juu ya mfupa wenyewe. Ukipigwa, goti la mwenzio liko nje, mfupa wako uko ndani, msuli unapondwa katikati kama kitunguu thomu kwenye kinu. Nje ngozi haina hata mkwaruzo, lakini ndani nyuzi zimepondeka na vimishipa vidogo vya damu vimechanika, na damu inaendelea kuvuja taratibu kwa saa nyingi baada ya mchezo kwisha. Ndo maana mtu anamaliza kipindi anachechemea kidogo tu anasema si kitu, asubuhi yake hawezi kuingia chooni.

Damu hiyo ina njia mbili. Ikipita baina ya fungu na fungu inateremka chini, siku ya pili ya tatu unaona weusi na umanjano mpaka karibu na goti, watu wanaogopa, kumbe hiyo ndo afadhali kwa sababu imepata pa kwenda. Ikibaki ndani ya fungu lenyewe haina pa kutokea, ngozi inaweza isibadilike rangi kabisa, paja linakuwa gumu, linavuta, na goti halikunjiki. Hii ya pili ndo inayotaka adabu, na ndo inayodharauliwa kwa sababu haionekani.

Sasa njia za mtaani ni tatu, ntaziweka pamoja.

Ya kwanza ndo tuliyolelewa nayo, kukanda. Maji ya moto, taulo, halafu mafuta ya karafuu yamechanganywa na ya nazi, anaitwa mtu mwenye mkono wa kuchua, anatafuta "pale palipofunga" anapabonyeza kwa dole gumba mpaka paachie. Na akishaondoka wanakuja wenzio asubuhi, mmoja anakamata kisigino anakipeleka makalioni, nyoosha nyoosha, msuli usigande. Winga wetu alifanyiwa yote hayo, jioni ileile ya Ijumaa alochezea. N'kwambie ukweli, usiku ule alilala vizuri. Hapo ndo inapodanganya, joto na mafuta ya karafuu yanaganzisha, maumivu yanapungua kweli, mtu anaona dawa imefanya kazi. Lakini joto linafungua mishipa ya damu na dole gumba linachana tena vile vimishipa vilivyoanza kuziba, kwa hiyo damu ile iliyokuwa inakaribia kusimama inaanza upya. Jumamosi asubuhi goti lake lilikuwa linakunjika nusu ya kawaida. Wakamnyoosha. Jumatatu halikunji hata robo.

Ya pili ni ya wale waoga kidogo, hawakandi, hawanyooshi, wanaweka barafu na kulala mguu umenyooka juu ya mto. Si mbaya, haikuongezei jiraha. Ila mguu ukinyooka ule msuli wa mbele uko mfupi, umelegea, una nafasi ya kujaa damu kama kifuko kisichokazwa mdomo, na ukishaganda katika hali hiyo kukunja goti baadae ni kazi ya wiki nzima.

Ya tatu ndo tulomfanyia beki, na mara ya kwanza kuisikia nliona kama kichekesho. Mara tu mtu akitoka uwanjani, ndani ya dakika kumi hivi, unamkalisha au unamlaza, unamkunja goti polepole mwenyewe akiongoza mpaka kisigino kikaribie makalio bila kugusa, yaani ukishavuka pembe ya mraba unaendelea theluthi nyengine, wanaopima wanaita digrii 120. Halafu unalifunga na bendeji ndefu ya kuvutika, unazungusha paja na ugoko pamoja kama nane, goti lisiweze kufunguka. Barafu juu ya pale palipopigwa, imefungwa kwenye kitambaa, hata ile wanayotilia samaki sokoni inafaa ukishaivunja, dakika 15 mpaka 20 halafu unatoa, unarudia kila baada ya saa mbili tatu akiwa macho. Anakaa hivyo saa 24. Ndio, analala nao umekunjwa, anasali kwa kukaa, na akitaka kwenda chooni anashikwa.

Hapa kila nnaemueleza ananikatiza: si ndo kunyoosha huko? Ukikunja goti msuli wa mbele si unavutika? Swali zuri na nilimuuliza fizio vilevile. Jibu lake ni kwamba tofauti iko kwenye saa na kwenye kutikisika. Dakika kumi za mwanzo msuli haujajaa, haujakaza kwa kujilinda, goti bado linakunjika bila maumivu makubwa, kwa hiyo hulazimishi kitu. Ukishafika unaufunga unatulia, unakaa umekazwa juu ya mfupa wake, ule mkazo unabana mahali panapovuja kama unavyobana kidole ulichojikata. Unavutwa mara moja tu, kisha basi. Kumnyoosha mtu asubuhi yake ni kitu chengine kabisa: msuli umejaa, nyuzi ziko wazi, damu imeanza kuganda kama utando, na wewe unavuta na kuachia, unavuta na kuachia, kila mvuto unachana utando. Kwa hiyo ukichelewa, ukaja kesho yake na goti halikunjiki, usiseme nimesoma digrii 120 ukalilazimisha. Hapo unalifunga pale linapofika bila maumivu, hata kama ni kidogo, na unaendelea na barafu.

Njia hii hatukuibuni sisi. Chuo cha wanamaji cha Marekani waliwahi kuwafunga hivi wanafunzi 47, wakarudi michezoni kwa wastani wa siku 3.5, na alieota mfupa ndani ya msuli alikuwa mmoja tu. Ukitaka kulinganisha, chuo cha jeshi la nchi kavu hukohuko walihesabu mapaja 117 yaliyopigwa, 11 yakaota mfupa, na waliopigwa kidogo walikaa nje wastani wa siku 13, waliopigwa sana siku 21. Sasa usizichukue namba hizi kama mizani ya dukani, wale 47 hawakuwa na kundi la pembeni la kulinganishwa nalo, walikuwa vijana wa jeshi wenye daktari ukingoni mwa uwanja. Beki wetu hakurudi siku ya nne, alirudi ya 12, na nnaona sawa.

Nimesema kuota mfupa. Hili ndo lenyewe na watu hawaliamini mpaka waone picha. Ndani ya msuli kuna chembe changa ambazo kazi yake ni kurekebisha palipoharibika. Palipopondeka sana, penye damu nyingi na uvimbe wa moto wa muda mrefu, baadhi ya chembe hizo zinapokea amri isiyo yao, badala ya kujenga msuli zinajenga mfupa. Mfupa kweli, sio kitu kama mfupa. Unakaa ndani ya nyama, mara nyengine umejishika na mfupa wa paja, mara nyengine unaelea peke yake. Kila ukichokoza upya, kwa kukanda, kwa kunyoosha kwa nguvu, kwa kupigwa tena palepale, unarefusha ule moto na unazidi kuzipa chembe sababu. Sikwambii kila aliekandwa ataota, wengi tumekandwa utotoni na hatuna kitu, na wapo walioota bila kuguswa na mtu kwa sababu pigo lenyewe lilikuwa zito. Ila kati ya mambo ulonayo mkononi mwako wewe, hilo ndo kubwa.

Turudi kwa winga. Wiki ya kwanza alikwenda hospitali wakampiga eksirei, mfupa mzima, akaambiwa hakuna kitu. Na kweli hakukuwa na kitu cha kuonekana, mfupa ule mpya hauonekani kwenye eksirei mpaka wiki ya tatu hivi na mara nyengine zaidi, ultrasaundi inaweza kuuona mapema kidogo. Yeye akaelewa "hakuna kitu" maana yake kazi iendelee, akarudi kwa mkandaji siku ya kumi, na ya kumi na tatu. Hapa mtu anauliza donge si lilikuwepo toka siku ya pili? Lilikuwepo, lakini lile la wiki ya kwanza ni damu iliyovilia, linabonyea kidogo, na kila siku linatakiwa lilegee. Dalili ya hatari ni mambo kugeuka njia: mtu alikuwa anapata nafuu, halafu wiki ya pili au ya tatu maumivu yanarudi hasa usiku, donge linakuwa gumu lenye ukingo, pana joto ukiweka kiganja, na goti lililokuwa linakunjika nusu sasa linakunjika chini ya hapo. Kwake ilikuwa hivyohivyo, ukubwa wa yai la kuku. Wiki ya tano akapigwa picha tena, safari hii ikaonekana kama wingu jeupe ndani ya nyama, ukingo wake mweupe zaidi kuliko katikati.

Huo ukingo una maana, kwa sababu mfupa wa jiraha unakomaa kutoka nje kwenda ndani. Kuna uvimbe mbaya wa mfupa unaofanana nao kwa haraka haraka, na ule unakuwa kinyume. Kwa hiyo mtu mwenye donge gumu pajani ambae hakumbuki kupigwa, au linaloendelea kukua baada ya miezi miwili, asikae na mafuta ya karafuu nyumbani, aende akapigwe picha na aeleze historia yake vizuri, tarehe ya kupigwa na yote aliyofanyiwa, maana hata kipande cha nyama kikikatwa mapema mno kikapelekwa maabara kinaweza kumchanganya anaesoma.

Na hapo ikaja chaguo jengine, la donge lenyewe. Mama yake alitaka livunjwe, yaani lichuliwe kwa nguvu mpaka lisagike. Rafiki zake walitaka likatwe. Fizio akasema wala hili wala lile. Kulichua ni kulilisha. Kulikata likiwa changa ni kulikaribisha lirudi, wapasuaji wanasubiri likomae kwanza, miezi sita mpaka mwaka, na hata hapo ni kwa yule linaembana goti au mshipa wa fahamu. Wengi linasinyaa lenyewe kwa miezi, jengine linabaki dogo na halimsumbui mtu. Alichopewa ni kupumzika mpira, kukunja goti mwenyewe pale linapofika bila maumivu na kukaza msuli bila kuusogeza. Bi mkubwa hakufurahi, aliona kama tumemtelekeza mtoto wake. Mwezi wa nne goti likakunjika sawa na lenzake.

Kwa beki ilikwendaje baada ya kufunguliwa? Jumamosi alasiri, saa 24 zimetimia, tukafungua bendeji, tukamlaza kifudifudi mkekani akunje goti mwenyewe. Hiki ndo kipimo kizuri kuliko vyote na hakitaki mashine. Siku ya kwanza au ya pili, goti likivuka pembe ya mraba jiraha ni dogo. Likiishia baina ya mraba na nusu yake ni la katikati. Lisipofika hata nusu ya mraba ni kubwa, na huyo asikae kienyeji, amuone mtaalamu. Beki alivuka kidogo. Kuanzia hapo alikunja na kukunjua mwenyewe mara kadhaa kwa siku, sheria ikiwa moja tu: mkono wake na paja lake, hakuna mtu wa pili anaekamata kisigino. Anaeumia anajua pa kusimama, anaemsaidia hajui. Siku ya sita akakimbia taratibu, siku ya 12 akacheza na kipande cha sponji tulichokikata godoro kuukuu kimefungwa juu ya paja, kwa sababu pigo la pili palepale ndo linalotafutwa na mfupa.

Kukanda je, hakuna wakati wake? Upo. Saa 72 za mwanzo usikande hata kidogo, wala maji ya moto, wala pombe kwa anaekunywa, wala kukimbia kujaribu. Kwa pigo kubwa subiri zaidi, wiki mbili na kuendelea, na uanze na mkono mwepesi pembeni ya pale, sio juu yake, goti likiwa limesharudi sehemu kubwa na hakuna joto wala donge gumu. Ukikanda na kesho yake goti linakunjika kidogo kuliko jana, umewahi, simama.

Dawa, kwa maumivu panadol inatosha siku mbili za mwanzo. Aspirini iache, inazuia damu kuganda. Diklofenaki ambayo kila duka inauzwa kama peremende, siku ya kwanza kaa nayo mbali, baadae muulize mfamasia hasa kama una vidonda vya tumbo au figo.

Kuna mtu mmoja njia ya tatu simpi bila daktari, nae ni anaetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini, au mwenye ugonjwa wa damu kutoganda. Huyo hata goti dogo anakwenda hospitali. Na yeyote yule, awe amefungwa au hakufungwa, maumivu yakizidi saa baada ya saa badala ya kutulia, paja limekaza kama ngoma, ukisogeza goti kidogo tu analia, mguu unafanya ganzi au vidole vinapoa, fungua bendeji hapohapo na tafuta gari usiku huohuo. Hiyo damu imejaa mpaka inabana mishipa inayolisha msuli, na inaweza kutaka kupasuliwa ndani ya saa chache. Ndo maana tunapomfunga mtu hatumwachi alale peke yake. Beki usiku ule alilala barazani kwa kaka yake, na kaka mtu aliamka mara mbili kumbonyeza vidole vya mguu kuona damu inarudi.